Goti Linauma, Tazama na Nyonga

*"Mwanangu wa kiume ana miaka 5. Jana aliamka anachechemea, anasema goti la kulia linamuuma. Hakuanguka, na goti halijavimba. Wiki iliyopita alikuwa na mafua makali. Mama mkwe anataka nimkande na maji ya moto, jirani anasema ni malaria imeingia kwenye mifupa. Nifanyeje? – Mama wa Morogoro."*

Mdogo wangu, weka chini kwanza hilo beseni la maji ya moto, tumtazame mtoto.

Anasema goti, lakini wewe usiishie kwenye goti. Mshipa wa fahamu unaopeleka habari za nyonga ndio huohuo unaopita hadi gotini, kwa hiyo nyonga ikiugua, mtoto anaweza kushika goti au paja na kusema ni hapo. Goti ambalo halijavimba, halina joto na linakunjika bila shida ni goti linalokutuma uende juu kidogo.

Sasa pima homa kwa kipimajoto, na upime kabla hujampa dawa yoyote, kwa sababu Panadoli na brufeni zote zinashusha homa na kukuficha ukweli. Kisha mwambie asimame na atembee hatua chache. Mwisho mlaze chali, mguu umenyooka, weka viganja juu ya paja na uliviringishe polepole ndani na nje, kama mti wa kusukumia chapati. Akikuruhusu, au akikunja uso kidogo tu, ni habari njema. Akipiga kelele kwa mguso huo mdogo na kukaza misuli, kuna jambo zito ndani ya nyonga.

Tuseme umepima, joto ni 37.2, anachechemea lakini anakanyaga, anakula na anataka kwenda kucheza. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 8 au 9 aliyetoka kwenye mafua, kisa cha kawaida ni nyonga kuwashwa kwa muda: utando wa ndani wa kiungo unavimba na kutoa maji kidogo. Ugonjwa huo huisha wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, na hauhitaji antibayotiki. Hata hivyo mpeleke kliniki aonwe, maana jina hilo hutolewa baada ya mabaya kuondolewa. Wakikubali kuwa ndilo, mpumzishe, asiruke wala kukimbia, na mpe brufeni baada ya chakula. Kipimo ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 8. Mwanao akiwa na kilo 18, hiyo ni miligramu 180, yaani mililita 9 za sharubati yenye miligramu 100 katika kila mililita 5. Kama anatapika sana, ana shida ya figo, au ana pumu, muulize mhudumu kwanza. Aspirini usimpe kabisa. Baada ya siku 2 aonwe tena. Anapaswa kuwa anapata nafuu.

Sasa tubadilishe kisa. Mtoto ni yuleyule, mafua ni yaleyale, ila joto ni 38.8, amegoma kukanyaga, na amelala nyonga ikiwa imekunjwa na mguu umegeukia nje. Analala hivyo kwa sababu mkao huo unampa nafasi kidogo kiungo kilichojaa. Hapa hofu ni usaha ndani ya kiungo. Vijidudu husafiri kwa damu, pengine kutoka kwenye jipu au kidonda kidogo cha ngozi ulichokwisha kukisahau, vikatulia nyongani. Usaha huo unakula gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, na madhara ya kudumu yanaweza kuanza ndani ya siku chache tu. Huyu anapelekwa hospitali leo, hata kama ni usiku. Watampima damu, wataangalia nyonga kwa altrasaundi, na ikibidi watavuta maji ya kiungo au kumsafisha chumba cha upasuaji, kisha dawa za mshipani.

Ndugu wa ugonjwa huo ni maambukizi ya mfupa wenyewe. Maumivu hukaa mahali pamoja karibu na kiungo, juu tu au chini tu ya goti, na ukipabonyeza kwa kidole mtoto anaruka. Kinachowaponza wazazi wengi ni picha ya eksirei. Katika siku 10 za mwanzo, hata wiki 2, inaweza kutoka safi wakati mfupa unaoza. Ukiambiwa "picha haina kitu" na homa bado ipo, rudi. Na kipimo cha malaria kikionyesha ana malaria, atibiwe, lakini mguu usiokanyaga usifungiwe faili kwa jina la malaria.

Mwenye selimundu ana kanuni yake. Maumivu yake ya kawaida ya mifupa na maambukizi ya mfupa hufanana sana, naye huambukizwa kwa urahisi zaidi. Akiwa na homa na mguu unauma, usingoje dozi za nyumbani, nenda hospitali.

Umri nao unakupa mwanga. Mchanga wa miezi michache hachechemei. Yeye anaacha tu kuusogeza mguu mmoja na kulia ukimbadilisha nepi, na anaweza kuwa na usaha bila homa yoyote. Kwa walio chini ya miaka 3, kuwashwa kwa nyonga ni nadra, kwa hiyo kuchechemea kokote kuonwe siku hiyohiyo. Anayejifunza kutembea anaweza kuwa amepata ufa mdogo kwenye mfupa wa mguu kwa kujikwaa tu, au ana nyonga iliyoteguka tangu kuzaliwa.

Kati ya miaka 4 na 8, hasa kwa wavulana, kuchechemea kunakokuja na kuondoka kwa wiki nyingi bila homa kunaweza kuwa ni kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu. Na kuanzia miaka 10 hadi 16, hasa kwa mnene au anayerefuka haraka, kichwa hicho kinaweza kuteleza kwenye shingo yake. Huyu ndiye anayelalamikia goti wiki nzima, anapakwa dawa za kuchua, kumbe mguu wake umeanza kugeukia nje. Akishukiwa, asikanyage kabisa, apelekwe kwa daktari wa mifupa siku hiyo, maana kila hatua inaweza kuzidisha mtelezo, na hufungwa kwa skrubu. Kuchechemea kwa mwezi mzima na mtoto anakonda, ana jasho la usiku, au amepauka na kuvilia damu ovyo, kuchunguzwe kwa kifua kikuu cha mifupa na saratani ya damu.

Mama wa Morogoro, kama kipimajoto kimeonyesha chini ya 38 na anakanyaga, mpeleke kliniki leo mchana. Kama ni 38 na zaidi, au amegoma kukanyaga, nenda hospitali sasa hivi. Kwa vyovyote, usimkande wala kumchua, na usinunue antibayotiki dukani: dozi ya nusu nusu hushusha homa bila kuua vijidudu, na daktari anapoteza alama alizokuwa akizihitaji.