Mtaro katika Udongo Mweusi: Namna ya Kuukinga na Mahali pa Kuweka Kifusi

Mtaa wa Eastleigh una sehemu nyingi zilizokaa juu ya udongo mweusi wenye kunata ambao hutanda katika nyanda za mashariki ya Nairobi. Chini ya udongo huo huwapo murramu au mwamba. Ndiyo sababu fundi anayejenga nyumba ya ghorofa hawezi kuweka msingi juu juu tu, bali huuondoa udongo mweusi mpaka akutane na ardhi ngumu. Na mwenye nyumba anayetaka kupeleka maji machafu kwenye bomba kuu hulazimika kuchimba mtaro wenye kina kinachopita kimo cha mtu.

Udongo huu una tabia ya kuwadanganya watu. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu, hata sururu hugota, na ukuta wa mtaro husimama wima kama uliojengwa kwa mawe. Mchimbaji huona hakuna haja ya mbao. Lakini udongo unapokauka hunywea na kupasuka, na nyufa zake huweza kushuka futi kadhaa kwenda chini. Mvua inaponyesha, au bomba la jirani linapovuja, maji huingia katika nyufa hizo, udongo hufura na kuwa laini, na pande zote mbili za ufa huteleza. Hapo kipande kizima cha ukuta hujitenga na kuanguka kwa mara moja, wala hakitoi nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo ukuta uliosimama siku 3 bila kuanguka si ushahidi wa usalama. Mtaro wa Jumatatu na mtaro wa Alhamisi si mtaro mmoja, hasa ikiwa mvua imenyesha Jumatano usiku.

Uzito wake nao hudharauliwa. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani 1 na nusu hadi tani 2, yaani kama gari dogo. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa chake kikiwa nje, aweza kufa kwa sababu kila anapotoa pumzi udongo hushuka na kumbana, asiweze kuvuta pumzi nyingine.

Natutazame mfano mmoja. Mwenye nyumba ataka kulaza bomba katika kichochoro chenye upana wa futi 20. Mtaro utakuwa na urefu wa futi 30, upana wa futi 3 na kina cha futi 8, yaani karibu mita 2.4. Njia ya kwanza ya kuufanya salama ni kuzilaza kingo zake ziwe mteremko. Lakini katika udongo ulionyauka na kupasuka, au uliolowa, kila futi 1 ya kina hutaka futi 1 na nusu ya mteremko. Kwa kina cha futi 8 ni futi 12 kila upande, na pamoja na sakafu ya mtaro jumla ni futi 27. Kichochoro hakitoshi. Basi hakuna budi kuukinga mtaro kwa mbao.

Sasa kifusi. Kila mita moja ya urefu wa mtaro huo hutoa udongo wa mita za ujazo 2 na zaidi kidogo, nao ukishachimbwa huumuka ukakaribia mita 3. Uzito wake ni karibu tani 4. Ukirundikwa kando ya mtaro, lundo litakuwa na kimo cha futi 5 na kitako cha futi 12. Vibarua wengi hulirundika ukingoni kabisa, kwa kuwa ndipo sepetu inapofika kwa urahisi. Na hivyo tani 4 huwekwa juu ya ukuta uleule ambao hauna cha kuushika. Kitako cha lundo hakifai kukaribia ukingo kwa chini ya futi 2, na katika udongo mweusi ni afadhali futi 3. Nafasi hiyo huupunguzia ukuta mzigo, huzuia mabonge yasimwangukie mtu kichwani, na humpa msimamizi njia ya kupita akitafuta nyufa.

Jumlisha basi: mtaro futi 3, nafasi futi 3, lundo futi 12. Zimebaki futi 2 tu, na upande wa pili pana ukuta wa jirani. Hesabu hii yaonyesha kwamba katika kichochoro kama hicho kifusi chote hakiwezi kukaa hapo. Ni lazima kingi kichukuliwe na lori kila siku, na kibaki kile cha kufukia tu. Lori lenyewe lisimame mbali na ukingo kwa kadiri isiyopungua kina cha mtaro. Tena kifusi kisiwekwe juu ya mfereji wa barabara, kwa maana maji ya mvua yakizuiwa yatatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni mtaro wenyewe.

Kukinga kwafanywa hivi. Mbao zenye unene wa inchi 2 husimamishwa wima pande zote mbili, zikipita ukingo kwa futi 1 hivi. Katika udongo mkavu zaweza kuachana kidogo, lakini uliolowa hutaka zigusane. Mbele yake hulazwa mihimili miwili au mitatu kwa urefu wa mtaro, isiachane zaidi ya futi 4 kwa kwenda chini. Baina ya mhimili wa upande huu na wa upande ule hutiwa magogo ya kukaza, yasiyo membamba kuliko inchi 6 kwa 6, kila baada ya futi 6 au chini yake, nayo hubanwa kwa kabari. Zile fito za mkaratusi zilizopinda ambazo hutumika kushika zege hazifai kazi hii. Vipimo hivi ni vya mtaro wa mfano huu. Panapozidi kina, au penye nyumba karibu, mhandisi ndiye apige hesabu.

Kanuni kubwa ni kwamba mtu asiingie penye ukuta usiokingwa, hata kwa dakika ya kuweka hizo mbao. Gogo la kwanza hukazwa kutoka juu, kisha mchimbaji hushuka chini yake na kuendelea, akikinga kadiri achimbavyo. Ngazi iwe karibu naye daima.

Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, msimamizi agonge kabari. Jua likikausha udongo, kuta hunywea na kabari hulegea. Mvua ikiufurisha, magogo huanza kuuma mihimili na kulia. Dalili zote mbili ni za kuwatoa watu. Hali kadhalika ufa mpya unaokwenda sambamba na ukingo, vijiwe vinavyodondoka pasipo kuguswa, au sakafu inayoinuka.

Ukuta ukianguka juu ya mtu, wenzake wasirukie ndani, kwani upande uliobaki huweza kufuata. Wasimvute kwa kamba, wala trekta la kuchimba lisitumiwe karibu naye. Ipigwe simu 999, mbao zisimamishwe pande mbili zake, kisha udongo uondolewe kwa mikono na karai, kuanzia usoni na kifuani.

Bomba likishalazwa, mbao hutolewa kuanzia chini: hufukiwa futi 1, hushindiliwa, ndipo gogo la chini kabisa hulegezwa, na kazi hupanda hivyo mpaka juu.