Umri au Kimo? Kusoma Neno Moja katika Kamusi ya Kigiriki

Zamani mtoto alipopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza bila cheti cha kuzaliwa, mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Vidole vikifika, mtoto amefikia umri wa shule. Visipofika, anarudi nyumbani hadi mwakani. Hakuna aliyehesabu miaka. Mwili ulipimwa, na miaka ikasomwa humo.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno linalokaa mahali hapohapo, baina ya miaka na mwili. Ni ἡλικία, ambalo hapa nitaliandika helikia. Limo katika swali la Yesu kwenye Mathayo 6:27: nani kati yenu, kwa kuhangaika, anaweza kuongeza dhiraa moja juu ya helikia yake? Biblia ya Union Version iliandika kimo. Habari Njema inazungumzia muda wa maisha. Tafsiri zote mbili zinatazama neno lilelile la Kigiriki. Ili kuona zilivyoachana, inabidi kufungua kamusi na kuisoma polepole.

Kamusi kubwa ya Kigiriki cha kale ni ile ya Liddell na Scott, iliyotoka Oxford mara ya kwanza mwaka 1843. Toleo la tisa, lililosahihishwa na Henry Stuart Jones, lilikamilika mwaka 1940, na ndiyo maana wasomi huiita LSJ. Mgeni akiifungua hukata tamaa upesi: herufi ndogo, vifupisho vya Kilatini, namba juu ya namba. Lakini kila kitomeo, yaani habari yote iliyo chini ya neno moja, kina sehemu tatu tu.

Ya kwanza ni kidahizo na umbo lake. Baada ya helikia utaona kwamba neno ni la jinsi ya kike, na kwamba lina maumbo ya lahaja. Ion. ni Kiionia, lahaja aliyoandikia Herodoto, na kwake neno huishia na e: helikie. Dor. ni Kidoria, ambako huanza na ha: halikia. Anayeruka mstari huu atakutana na helikie katika Herodoto, alitafute kamusini kama neno jingine na asilipate.

Sehemu ya pili ni maana zenye namba. Katika vitomeo virefu herufi kubwa A na B hugawa mafungu makuu, kisha hufuata namba za Kirumi, I, II, III, na ndani yake 1, 2, 3. Mara nyingi maana ya kwanza haiandikwi namba. Unaanza kusoma, ghafla unakuta 2, na hapo ndipo unajua kwamba uliyotoka kuisoma ilikuwa 1.

Helikia ina mafungu manne. La kwanza ni umri, na chini yake upo umri ulioiva, utu uzima. La pili ni watu wa umri mmoja, na hapa Kiswahili kina neno lake tayari: rika, au hirimu. La tatu ni wakati au kizazi, pale mwandishi anaposema jambo fulani ni la enzi za mfalme fulani. La nne ni la mwili: kimo, kukua kunakoonyesha umri.

Mpangilio huo si wa daraja. Maana ya kwanza haikutangulia kwa kuwa ndiyo "halisi", wala ya nne haikuwekwa mwisho kwa kuwa ni dhaifu. Kwa kawaida kamusi hii huanza na ushahidi wa zamani, na ushahidi wa zamani mara nyingi ni Homeri. Mtu anayechukua namba moja kila mara kwa sababu iko juu anasoma historia ya neno akidhani anasoma uzito wake.

Sehemu ya tatu ndiyo inayorukwa sana: marejeo. Kila maana imefuatwa na vifupisho kama Il. 22.419 au Hdt. 3.16. Il. ni Iliadi ya Homeri, kitabu cha 22, mstari wa 419. Hdt. ni Herodoto, kitabu cha tatu, sura ya 16. Id. maana yake ni mwandishi yuleyule aliyetangulia, na ib. ni kitabu kilekile. Ukikuta ib. peke yake, rudi nyuma kidole kwa kidole hadi jina la mwisho. Ukikosea hatua moja utafungua kitabu kisicho na neno hilo.

Vifupisho vina mitego yake. Ar. ni Aristofani, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, na Arist. ni Aristotle. Luc. si Luka. Ni Lusiano, mwandishi wa tashtiti wa karne ya pili. Injili ya Luka ni Ev.Luc. Orodha ya vifupisho iko mwanzoni mwa kamusi, na kuifungua mara ishirini kwa siku si aibu.

Marejeo ndiyo moyo wa kitomeo. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa herufi za mlalo ni maoni ya mhariri, lakini rejeo ni ushahidi alioutegemea, na ushahidi unaweza kukaguliwa. Fungua Iliadi 22.419. Mzee Priamo, mwanawe Hektori ameuawa, anataka kwenda kumsihi Akile, akitumaini ataionea haya helikia yake na kuuhurumia uzee wake. Uzee umetajwa ubavuni, kwa hiyo hapa ni umri. Sasa fungua Iliadi 16.808. Euforbo aliishinda helikia yake kwa mkuki, kwa farasi na kwa mbio. Mtu hashindi umri wake kwa mbio. Huwashinda wenzake, na hilo ni rika.

Kisha fungua Hdt. 3.16, ambayo kamusi imeiweka chini ya kimo. Kambise, mfalme wa Uajemi, aliamuru maiti ya Amasi, mfalme wa Misri, itolewe kaburini na kuteswa. Wamisri, asimulia Herodoto, walidai kwamba aliyeteswa si Amasi bali Mmisri mwingine mwenye helikia sawa na yake. Je, ni kimo sawa au umri sawa? Ili maiti moja ipite kwa nyingine, urefu una maana kubwa. Lakini maiti ya kijana nayo haipiti kwa ya mzee. Mhariri alichagua kimo, na alikuwa na sababu, ila msomaji aliyefungua ukurasa wa Herodoto anaona kwamba mlango haukufungwa. Namba IV ni uamuzi wa mtu aliyesoma mengi, na uamuzi huo unaweza kupimwa.

Kabla ya kurudi kwa Mathayo, tujaribu njia hii mahali ambapo hakuna ubishi. Katika Yohana 9:21 wazazi wa kipofu aliyeponywa wanaulizwa jinsi mwanao alivyoanza kuona. Wanaogopa, wanajibu kwamba ana helikia, aulizwe mwenyewe. Weka kimo: "ana kimo, muulizeni." Sentensi inabaki bila sababu, kwa kuwa urefu haumpi mtu haki ya kujisemea. Weka rika: inavunjika kabisa. Weka utu uzima, na sehemu zote mbili zinashikana.

Katika Luka 19:3 Zakayo anataka kumwona Yesu, lakini umati unamzuia kwa kuwa yeye ni mdogo kwa helikia, naye anapanda mkuyu. Kiswahili kinatusaidia kuuona ugumu wa Mgiriki, kwa sababu "mdogo" wetu pia ni wa miaka au wa mwili. Mdogo wangu anaweza kunizidi urefu. Kinachoamua hapa ni mti. Kijana mrefu hana haja ya kupanda mkuyu, ila mtu mfupi anayo, awe na miaka yoyote. Ni kimo.

Kipimo tulichotumia ni kilekile mara zote mbili. Unachukua kila maana, unaiweka katika sentensi, kisha unauliza ni neno gani jirani linaloikataa. Lazima sentensi yenyewe iwe na sababu ya kuihitaji maana hiyo. Na unachagua moja. Mwaka 1961 James Barr aliwaonya wasomi wa Biblia juu ya kosa la kukusanya maana zote za neno na kuzimimina mahali pamoja, kana kwamba Zakayo alikuwa mfupi, na mchanga kwa umri, na nje ya rika lake, yote kwa mpigo. Mfuko wa maana ni wa lugha nzima. Sentensi huchota moja.

Sasa Mathayo 6:27. Neno jirani la kwanza ni dhiraa, kwa Kigiriki pekhus: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama sentimita 45. Ni kipimo cha urefu, nacho kinavuta kuelekea kimo. Huenda ndicho kilichowavuta watafsiri wengi wa zamani.

Lakini angalia ukubwa wake. Mtu wa kawaida akiongezewa sentimita 45 anakuwa jitu, na hakuna anayekosa usingizi kwa kutamani hilo. Luka anaposimulia habari ileile, katika 12:26, anaendelea kusema kwamba ikiwa hamwezi hata lililo dogo kabisa, mbona mnahangaikia mengine? Dhiraa nzima ya mwili si jambo dogo kabisa. Dhiraa moja juu ya safari ndefu ya maisha ni kidogo kweli. Mazungumzo yenyewe, tangu Mathayo 6:25, yanahusu uhai, chakula na mavazi, na watu huhangaikia hayo ili waishi.

Linabaki swali moja: je, Mgiriki aliweza kuupima wakati kwa dhiraa? Mshairi Mimnermo, karne ya saba kabla ya Kristo, aliueleza muda mfupi wa ujana kwa kipimo hichohicho. Na katika Kiebrania, Zaburi ya 39 inapima siku za mtu kwa upana wa kiganja. Sisi wenyewe tunasema maisha marefu na muda mfupi bila kuona ajabu. Kizuizi cha dhiraa kimeondoka, na mizani inaelemea upande wa umri.

Inaelemea, lakini upande wa pili haukubaki mtupu. Mstari unaofuata, 6:28, unawaambia wasikilizaji watazame maua ya kondeni yanavyokua, na kukua ni habari ya kimo. Anayetetea Union Version ana hoja hiyo mkononi, na ni hoja ya haki. Mimi ningeandika maisha, na pembeni ningemwekea msomaji alama kwamba neno lilelile linabeba kimo, kama mkono wa yule mtoto uliokuwa ukipima miaka kwa kulitafuta sikio.