Somo Katika Video: Namna Mwalimu Anavyoweza Kujipima kwa Maswali Manne

Mwalimu anapofundisha hawezi kujiona. Macho yake yako ubaoni na kwa wanafunzi, na akili yake inawaza hatua inayofuata. Ndiyo maana mwalimu anaweza kutoka darasani akiamini kuwa somo limeeleweka, ilhali madaftari ya jioni yakasema vingine. Katika shule za milimani kama za Kata ya Ngujini, ambako si rahisi kupata mtu wa kuja kutazama somo kila wiki, simu ya mwalimu mwenyewe inaweza kufanya kazi hiyo.

Maandalizi si makubwa. Simu huwekwa kwenye kona ya nyuma ya darasa, juu ya dawati au rafu, ikielekea ubaoni. Kutoka hapo mwalimu anaonekana, mikono inayonyooshwa inaonekana, lakini nyuso za watoto walio wengi hazionekani. Dirisha lenye mwanga mkali lisiwe mbele ya kamera, kwani picha itakuwa nyeusi. Siku ya mvua kubwa ni heri kuahirisha, kwa sababu kelele za bati humeza sauti. Dakika 15 za kurekodi zinatosha. Kipindi kizima huchosha kukitazama.

Mara ya kwanza mwalimu aitazame video bila kuandika chochote, kwani wengi hushtushwa na sauti na mwendo wao wenyewe. Mara ya pili ashike kalamu na kujibu maswali manne kwa kuhesabu, si kwa kukisia:

1. Nimeuliza maswali mangapi yanayohitaji kufikiri?
2. Baada ya kila swali nimesubiri sekunde ngapi?
3. Ni wanafunzi wangapi tofauti waliojibu, na wameketi wapi?
4. Jibu lilipokosewa, nilifanya nini?

Tuchukue mfano wa somo la Hisabati, Darasa la Nne, lenye wanafunzi 42. Mwalimu anafundisha kulinganisha 1/3 na 1/4. Katika video anahesabu maswali 20, lakini 11 kati ya hayo ni "Sawa?" na "Tumeelewana?", ambayo darasa zima huitikia "Ndiyo!" kwa pamoja. Maswali ya kufikiri ni 9 tu. Katika 8 kati ya hayo, alimteua mwanafunzi kabla sekunde moja haijaisha. Na majibu 7 yalitoka kwa wanafunzi watatu wale wale wa madawati ya mbele. Hakuna jibu lililokosewa, hivyo swali la nne halikuwa na la kujibiwa. Somo lilionekana kwenda vizuri. Lakini madaftari yalionyesha kuwa wanafunzi 26 waliandika kuwa 1/4 ni kubwa kuliko 1/3.

Suala la kusubiri si geni. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alieleza kuwa walimu wengi husubiri takribani sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wanaposubiri sekunde 3 au zaidi, wanafunzi hutoa majibu marefu zaidi na wengi zaidi hushiriki.

Mwalimu wa mfano wetu asibadili mambo yote kwa pamoja. Achague moja: kuuliza, kuhesabu moyoni hadi tatu, kisha ndipo ataje jina la mwanafunzi, akianzia madawati ya nyuma. Baada ya wiki mbili anarekodi tena. Safari hii maswali ya kufikiri ni 6, na wamejibu wanafunzi 6 tofauti. Wawili wanasema 1/4 ni kubwa "kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu". Kosa lililokuwa limejificha daftarini sasa limesikika darasani, na mwalimu anachora mikate miwili iliyo sawa, mmoja wa watu watatu na mwingine wa watu wanne, ili watoto waone ni nani anayepata kipande kikubwa.

Hivyo, video yenye makosa mengi ya wanafunzi si lazima iwe dalili ya somo baya. Hata hivyo, kamera haionyeshi kilichomo kichwani mwa mtoto. Ndiyo sababu video isomwe sambamba na madaftari ya siku hiyo hiyo.

Kwa wazazi na walezi, jambo moja ni la kuzingatiwa. Picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vyema mwalimu apate kwanza idhini ya mwalimu mkuu, na wazazi waelezwe katika kikao cha shule. Video haipaswi kutumwa katika makundi ya simu. Ifutwe mara tu hesabu ya maswali manne inapokamilika. Kinachobaki ni karatasi moja ya tarakimu, ambayo mwalimu anaweza kuijadili na wenzake.