Nusu Inarudi, Nusu Inaliwa: Vidokezo vya Handikapu kwa Wapenda Mpira wa Kasongo na Kabambare

Mechi ikiisha, iwe Kasongo mjini au kule Salamabila kwa wachimba dhahabu, hakosekani mtu anayeshika tiketi na kulalamika: "Nimelipwa nusu, wamenila!" Mara nyingi hajaliwa. Alicheza handikapu ya robo bila kujua kwamba hela yake ilikuwa imegawanywa tangu mwanzo. Kama kubeti kwako ni haramu, soma tu, utaweza kuamua ugomvi wa vijana nyumbani.

1. Ongeza au toa magoli kwanza, kisha soma matokeo

Handikapu ni magoli ya kwenye karatasi. Alama ya kutoa inainyang'anya timu yenye nguvu, alama ya kujumlisha inampa mnyonge. Novemba 2024 Maniema Union wetu walikwenda Pretoria kucheza na Mamelodi Sundowns katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, wakatoka 0-0. Tuseme ulikuwa umewapa Sundowns -1.5. Unatoa goli moja na nusu kwenye sifuri yao, wanabaki chini, tiketi imekufa. Aliyeshika Maniema Union +1.5 amelipwa yote, ingawa timu yake haikufunga hata goli moja.

Mstari wenye nusu (0.5, 1.5) hauna sare: unalipwa au unaliwa. Mstari mzima (0, 1, 2) unaweza kuangukia sare ya karatasi, na hapo dau lako linarudi lilivyo.

2. Ukiona .25 au .75, vunja dau vipande viwili

Hapa ndipo watu wanapopotea. Hakuna robo ya goli duniani. Mstari wa robo ni beti mbili zilizofungwa pamoja: nusu ya dau inakwenda kwenye mstari ulio chini yake, nusu nyingine kwenye ulio juu yake. -0.25 ni 0 pamoja na -0.5. -0.75 ni -0.5 pamoja na -1. Simu nyingine huonyesha vyote viwili waziwazi, mfano `0, -0.5`, nyingine huandika `-0.25` tu na kukuachia hesabu.

Tuchukue mechi ya Kongo na Moroko, Kombe la Afrika, San Pedro, tarehe 21 Januari 2024. Hakimi alifunga mapema, Silas Katompa akasawazisha kipindi cha pili, 1-1. Odi tuziweke 1.90 kila upande, dau faranga 10,000. Hizo odi ni za mfano wangu, matokeo ni ya kweli.

Aliyempa Moroko -0.25 ana faranga 5,000 kwenye 0: sare, zinarudi. Zilizobaki 5,000 ziko kwenye -0.5: sare haitoshi, zimekwenda. Anapokea 5,000.

Aliyeshika Kongo +0.25 ana 5,000 kwenye 0, zinarudi. Nyingine 5,000 ziko kwenye +0.5, zimeshinda, mara 1.90 ni 9,500. Jumla anapokea 14,500, yaani faida ya 4,500. Mbona si 9,000 kama alivyotarajia? Kwa sababu ni nusu tu ya dau lake iliyoshinda.

3. Tafuta kipande chenye namba nzima

Katika kila robo, kipande kimoja ni namba nzima na kingine kina nusu. Kwa hiyo haiwezekani kipande kimoja kishinde na kingine kiliwe. Ama vyote viwili vinakwenda pamoja, ama kile chenye namba nzima kinarudishwa na kingine kinaamua. Jiulize swali moja tu: mechi imeangukia ile namba nzima?

Kwenye nusu fainali ya Kombe hilohilo, Kodivaa iliifunga Kongo 1-0, goli la Haller. Tofauti ni goli moja. Kodivaa -0.75: namba nzima ni -1, mechi imeangukia hapo, nusu inarudi, -0.5 imeshinda. Umeshinda nusu. Kongo +0.75: nusu ya +1 inarudi, ya +0.5 inaliwa. Sasa sogeza robo mbili mbele, Kongo +1.25: ya +1 inarudi, ya +1.5 inashinda. Timu ileile, kipigo kilekile, na safari hii unapokea faida. Ndiyo maana odi ya +1.25 huwa ndogo kuliko ya +0.75. Usishangae wala usidhani umependelewa.

Kabla ya hapo, robo fainali na Gine, Kongo ilishinda 3-1. Kwa Kongo -0.75 tofauti ya magoli mawili imeipita ile -1, vipande vyote vimelipwa, hakuna cha kugawanya.

4. Penalti hazihesabiwi

Hii imezua mabishano mengi. Kombe lilelile, Kongo na Misri, 28 Januari 2024: 1-1 baada ya dakika tisini, muda wa nyongeza haukubadilisha kitu, kisha penalti 8-7 na kipa Lionel Mpasi mwenyewe akapiga ya ushindi. Chui wamepita. Lakini beti ya kawaida ya handikapu hufungwa kwenye dakika tisini pamoja na zile za majeruhi. Aliyempa Kongo -0.5 alishangilia usiku kucha na tiketi yake ilikuwa imeshakufa zamani.

5. Hesabu nguzo kabla ya kubonyeza

Handikapu ya robo ina nguzo mbili, timu hii na timu ile. Ukikuta nguzo tatu, au imeandikwa `0:1`, hiyo ni handikapu nyingine, na ndani yake sare ya karatasi ni jibu linalojitegemea. Umeipa timu goli moja nyuma ikashinda kwa goli moja? Hapo hurudishiwi kitu.

Ukibeti mechi ikiendelea, kampuni nyingi huanza kuhesabu handikapu upya, kama vile ubao unasoma 0-0 wakati unabonyeza. Aliyeshika Kongo 0 dhidi ya Kodivaa dakika ya 70, tayari 0-1, kwa utaratibu huo alirudishiwa hela, kwani baada ya hapo hakukuwa na goli. Kanuni ya kampuni yako isome kabla.

6. Kwenye tiketi ya mechi nyingi

Kupoteza nusu hakuui tiketi. Kunazidisha odi kwa 0.5. Kushinda nusu kwa odi 1.90 kunahesabiwa 1.45. Mechi tatu, moja imeshinda yote, moja nusu, moja imepoteza nusu: 1.90 × 1.45 × 0.5 ni kama 1.38. Dau la 2,000 linakuwa karibu 2,750. Kabla ya kuchana tiketi, piga hesabu.

7. Jua kampuni inakula wapi

Mechi iliyo sawasawa ingestahili odi 2.00 pande zote. Ukipewa 1.90, kampuni imejiwekea sehemu yake: kwa wastani, katika kila faranga 1,000 zinazochezwa, 50 hubaki kwao. Mstari wa robo haupunguzi kiwango hicho kwenye hela iliyo hatarini. Unachofanya ni kukurudishia kipande mara kwa mara, kwa hiyo hela inakaa mfukoni muda mrefu kidogo. Anayekuuzia siri ya robo isiyoshindwa ana tiketi ya kukuuzia, hana siri.