Dondoo muhimu: Pima r kabla ya kukokotoa wimbi

Kabla ya kukokotoa wimbi la waya kwa mbinu ya mruko wa chura, tafuta r = cΔt/Δx. Isizidi 1. Tuseme kasi c ni mita 200 kwa sekunde na nukta zimeachana sentimita 1: Δt isivuke sekunde 0.00005. Ukiweka 0.00006, r inakuwa 1.2, na kosa dogo la kukadiria desimali hukua takriban mara 3.5 kila hatua. Utalitambua kwa meno ya msumeno: chanya, hasi, chanya, nukta hadi nukta. Wengi hukimbilia kupunguza Δx, na hapo r hupanda zaidi! Punguza Δt. Kasi ikitofautiana sehemu kwa sehemu, tumia iliyo kubwa kuliko zote.