Kwa nini mwanga hautoroki ndani ya faiba

Zoezi lenyewe ni fupi: kiini cha faiba kina fahirisi ya mpindo 1.48, na ganda linalokizunguka lina 1.46. Tafuta pembe ya ukomo, kisha useme mwale uingie kwa pembe ipi kutoka hewani ili usipotee njiani. Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wanaolifanya. Anayejibu ni mwalimu wa fizikia.

Mwalimu, pembe ya ukomo ni nini hasa?

Pembe zote hapa tunazipima kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya mpaka wa vitu viwili. Mwale ukitoka kwenye kitu chenye fahirisi kubwa kwenda chenye fahirisi ndogo, hupinda na kujitenga na mstari huo. Ukizidi kuuinamisha ndani, wa nje nao huinama zaidi, mpaka unalala juu ya mpaka kabisa, kwa digrii 90. Pembe ya ndani inayoleta hali hiyo ndiyo pembe ya ukomo. Ukiipita, hakuna mwale unaovuka; mwanga wote unarudi ndani. Huo ndio uakisi kamili wa ndani.

Kanuni ya Snell inatupa hesabu:

n₁ sin C = n₂ sin 90°
sin C = 1.46 ÷ 1.48 = 0.9865
C = 80.6°

Kikokotoo changu kinakataa, kinaandika "Math ERROR". Nimekosea wapi?

Umegawanya 1.48 kwa 1.46 ukapata 1.014, na hakuna pembe yenye sin inayozidi 1. Kikokotoo kinakuambia jambo la kweli: mwale unaotoka ganda kwenda kiini hauna pembe ya ukomo. Na kama jibu lako ni 1.41, kikokotoo kiko kwenye radiani. Kirudishe kwenye digrii.

Mwale unaingia kwenye ncha ya faiba, lakini pembe ya ukomo iko kwenye ukuta. Nitaunganishaje?

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mwale unakutana na mipaka miwili, na mistari wima ya mipaka hiyo inakatana kwa digrii 90. Kwa hiyo pembe ya ukutani ni 90° toa pembe ya mwale baada ya kuingia.

Chukua mwale unaoingia kwa digrii 20. Sin 20° ni 0.342, gawanya kwa 1.48 upate 0.231, yaani digrii 13.4 ndani ya kiini. Ukutani utafika kwa digrii 76.6. Hiyo ni chini ya 80.6, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga itavuka kwenda kwenye ganda. Ukiingiza kwa digrii 10, ukutani utapata 83.3, na mwale unabaki.

Mpaka kati ya hizo mbili unapatikana hivi:

sin θ = √(1.48² − 1.46²) = √0.0588 = 0.2425
θ = 14.0°

Kwa nini tusitoe ganda? Kioo na hewa vina pembe ya ukomo ya digrii 42.5 tu, na mwanga mwingi zaidi ungeingia.

Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana zoezi halilisemi. Kwanza, kioo kitupu kikiguswa na maji, fahirisi ya nje inakuwa 1.33 na pembe ya ukomo inapanda hadi digrii 64. Miale iliyokuwa salama inaanza kuvuja hapo hapo. Ganda linaulinda mpaka wenyewe.

Sababu ya pili ni muda. Mwale unaonyooka katikati husafiri mita 1,000 kwa kilomita moja ya faiba. Ule unaogonga ukuta kwenye pembe ya ukomo husafiri 1,000 ÷ sin C, yaani 1,000 × 1.48 ÷ 1.46, sawa na mita 1,013.7. Kasi ya mwanga ndani ya kiini ni 3 × 10⁸ ÷ 1.48, hivyo unachelewa kwa nanosekunde 68 hivi. Bila ganda, mwale wa pembe ya ukomo ungesafiri mita 1,480, na kuchelewa kungefika nanosekunde 2,370, karibu mara 35. Ishara moja ingetawanyika na kuivaa inayofuata, na mpokeaji asingeweza kuzitenganisha. Ndiyo maana tunakubali kupokea mwanga wa mlango mwembamba wa digrii 14.

Je, hesabu hii inafaa kwa mkongo wa baharini kama SEACOM, uliofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009?

Kwa sehemu tu. Faiba za mikongo hiyo zina kiini cha takriban mikromita 8 au 9, na mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikromita 1.55 hivi. Kiini kikiwa chembamba kiasi hicho, picha ya mwale unaogonga kuta haitoshi tena. Inabidi mwanga uchukuliwe kama wimbi, na umbo moja tu la wimbi ndilo linalopita. Kule kuchelewa tulikokokotoa kunaondoka, kwa kuwa hakuna njia fupi na ndefu za kushindana. Mtawanyiko mdogo hubaki, kwa sababu fahirisi ya kioo hubadilika kidogo na rangi ya mwanga. Hesabu ya zoezi lako ni ya faiba yenye kiini kinene, mikromita 50 na kuendelea.