Sukari na Hamira: Kwa Nini Unga Mtamu Huchelewa Kuumuka

Mpishi wa mkate wa kawaida akikanda unga wake saa moja asubuhi, huweza kuutia katika tanuri kabla ya saa nne. Mpishi wa mahamri akitumia unga huo huo, hamira hiyo hiyo na chumba hicho hicho, huona kwamba saa nne unga wake bado umelala. Wengi hudhani kwamba hamira imekufa au imeuzwa ikiwa imechakaa. Mara nyingi hamira haina kosa lolote. Tofauti kubwa baina ya vyakula hivyo viwili ni sukari, na jambo hili huwashangaza wanafunzi, kwa sababu wamefundishwa kwamba sukari ndiyo chakula cha hamira.

Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Hamira ni mkusanyiko wa viumbe hai vidogo mno, kila kimoja kikiwa na seli moja. Seli hizo hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksaidi pamoja na alkoholi. Gesi hiyo hunaswa na gluteni, yaani utando wa protini unaofanyika ngano inapokandwa kwa maji, na ndiyo inayofanya unga uliokandwa, ambao hapa utaitwa donge, upate kuumuka. Hata hivyo, donge lisilotiwa sukari huumuka vizuri kabisa. Ndani ya unga wa ngano mna sukari kidogo ya asili, na vimeng'enya vya unga huendelea kuvunja wanga na kutoa sukari iitwayo maltosi. Hamira basi haina njaa hata kidogo. Sukari ya kopo inatiwa kwa ajili ya ulimi wa mlaji, si kwa ajili ya tumbo la hamira.

Nusu ya pili ya habari inahusu maji. Seli ya hamira imezungukwa na utando unaopitisha maji kwa urahisi lakini usiopitisha ovyo vitu vilivyoyeyuka. Maji yaliyo nje yakiwa na vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko yaliyo ndani, maji ya ndani hutoka. Hii ndiyo osmosisi, ile ile inayofanya vipande vya embe bichi vilivyonyunyiziwa chumvi vitoe maji na kunywea. Donge tamu likikandwa, seli za hamira hunywea vivyo hivyo katika muda mfupi sana. Seli iliyonywea haifi mara moja, bali kazi zake hupungua kasi, kwa maana vimeng'enya vyake vimo katika maji machache mno.

Seli haikai bure ikisubiri kuokolewa. Huanza kutengeneza gliseroli na kuilimbikiza ndani yake hadi vitu vilivyoyeyuka ndani vilingane na vile vya nje, na hapo maji hurudi. Lakini kazi hiyo huchukua muda, pengine saa moja, pengine zaidi, na huitumia sehemu ya sukari ambayo ingetoa gesi na alkoholi kwa njia ya kawaida. Kile ambacho mpishi hukiona kama uvivu wa donge ni muda huo wa seli kujitengeneza upya.

Tuseme donge la mahamri lina kilo moja ya unga wa ngano, gramu 250 za sukari na mililita 550 za tui la nazi. Tui si maji matupu. Sehemu yake kubwa ya vitu vingine ni mafuta, ambayo hayayeyushi sukari. Tui likiwa la uzito wa wastani, maji yaliyomo yanaweza kukadiriwa kuwa gramu 450. Basi sukari gramu 250 imeyeyuka katika maji gramu 450, na katika kila gramu 100 za mchanganyiko huo sukari ni karibu gramu 36. Soda ya kawaida ina sukari ipatayo gramu 11 katika mililita 100. Hamira ya mahamri basi inaogelea katika kioevu chenye utamu wa zaidi ya mara tatu ya soda. Kwa kweli hali ni ngumu zaidi ya hivyo, kwa kuwa sehemu ya maji imeshikwa na wanga na gluteni na haipatikani kuyeyusha chochote.

Tena hamira yenyewe huongeza mzigo wake. Sukari ya mezani ni sukrosi, na seli ya hamira ina kimeng'enya kiitwacho invatesi kinachofanya kazi nje ya utando. Kimeng'enya hicho hupasua kila molekuli ya sukrosi na kupata molekuli mbili, moja ya glukosi na moja ya fruktosi. Osmosisi haijali ukubwa wa molekuli, bali idadi yake. Kwa hiyo sukari ikishapasuliwa, nguvu yake ya kuvuta maji huwa karibu mara mbili, ingawa hakuna hata chembe moja iliyoongezwa na mpishi.

Kutokana na kanuni hiyo ya idadi, chumvi nayo haina budi kutazamwa. Molekuli za chumvi ni nyepesi, na kila moja ikiyeyuka hugawanyika mara mbili. Gramu 10 za chumvi huvuta maji sawa na karibu gramu 60 za sukari iliyokwisha pasuliwa. Mkate wa kawaida hutiwa chumvi gramu 15 hadi 20 kwa kilo ya unga. Anayechukua kipimo hicho na kukihamishia katika donge tamu huwa ameongeza mzigo unaolingana na gramu 100 hivi za sukari bila ya kujua. Katika mahamri, gramu 5 zinatosha.

Je, mpishi afanye nini? Sukari isiyozidi gramu 50 kwa kilo ya unga haihitaji lolote. Inapopita gramu 100, ucheleweshaji huanza kuonekana wazi. Jibu lililo rahisi ni kuongeza hamira. Ikiwa kila seli inafanya kazi kwa nusu ya kasi yake, seli mara mbili zitatoa gesi ile ile kwa muda ule ule. Mkate wa kawaida ukihitaji gramu 10 za hamira kavu, donge lenye sukari gramu 150 linaweza kupewa gramu 15, na lenye gramu 200 likapewa 20. Zipo pia hamira kavu zilizochaguliwa hasa kwa madonge matamu, na maelezo yake huandikwa kwenye pakiti. Zikipatikana, nyongeza huwa ndogo zaidi.

Njia hiyo ina mwisho wake. Sukari ikizidi gramu 200, kasi ya kila seli hushuka sana, na hesabu ile ile ingedai hamira mara tatu au nne. Hapo chakula hunuka hamira, gharama hupanda, na seli nyingi zilizokufa humwaga vitu vinavyolegeza gluteni, hata donge likawa la kunata na lisiloshika umbo. Kuanzia hapo ni afadhali kutumia chachu ya kutangulia, yaani kuipa hamira nafasi ya kufanya kazi kabla ya kukutana na sukari.

Kwa donge la kilo moja lililotajwa, hutengwa gramu 400 za unga, mililita 250 za maji ya uvuguvugu badala ya sehemu ya tui, gramu 12 za hamira na gramu 10 tu za sukari. Chumvi haitiwi. Mchanganyiko huo hukorogwa hadi uwe rojo zito, hufunikwa na kuachwa mahali penye joto la nyuzi 28 hadi 30. Baada ya saa moja hivi huwa umejaa mapovu na kufikia mara mbili ya kimo chake. Dalili ya kuwa tayari ni kwamba uso wake, uliokuwa umetuna, unaanza kubonyea katikati. Ikingojwa hadi ianguke kabisa, hamira huwa imekwisha punguza nguvu. Ndipo hutiwa unga uliobaki, tui zito mililita 300, chumvi, iliki na nusu ya sukari iliyobaki. Baada ya kukanda dakika kumi hutiwa nusu ya mwisho. Kuigawa sukari hivyo huzipa seli mzigo kwa hatua.

Isidhaniwe kwamba chachu huondoa osmosisi. Sukari ikishaingia, donge husimama kwa muda kama lililozubaa, na mpishi asiyejua hudhani ameharibu. Manufaa ya chachu ni kwamba seli zinazokutana na sukari zimekwisha kulowa na ziko kazini, na gluteni ya sehemu ya kwanza imekwisha kukomaa.

Wapishi wengi wa pwani wana jibu la tatu, nalo ni usiku. Donge hukandwa jioni kwa hamira kidogo na kuchomwa alfajiri. Hakuna ubaya katika njia hiyo, kwani gliseroli hupata muda wake wote. Hatari yake ni joto la pwani, ambalo huweza kulichachusha tui hata donge likaamka na ukali.

Donge lililochelewa hutofautishwa na hamira iliyokufa kwa jaribio fupi. Kijiko cha hamira hiyo hutiwa katika maji vuguvugu nusu kikombe pamoja na kijiko cha unga. Ikitoa povu katika dakika 15, hamira ni hai na donge linahitaji muda tu. Lisiwekwe juani wala karibu na moto kwa kuliharakisha, kwa kuwa joto likipita nyuzi 40 hali huwa mbaya zaidi. Wala lisichomwe kabla ya wakati. Mahamri ya donge lisiloumuka huzama katika mafuta, hayafunguki ndani, na kwa kuwa sukari yake haijaliwa, ngozi hugeuka nyeusi huku kiini kingali kibichi. Ikiwa hamira ndiyo iliyokufa, donge huokolewa kwa kutengeneza chachu ndogo ya gramu 100 za unga na hamira mpya, na kuikanda ndani yake ikishatoa mapovu. Kunyunyizia hamira kavu juu ya donge tamu hakusaidii, kwa sababu punje hizo hazipati maji ya kutosha kuamka.

Darasani jambo hili huweza kuonyeshwa kwa glasi tano zilizo wima. Katika kila moja hutiwa donge la gramu 100 za unga, gramu 60 za maji na gramu 1 ya hamira. La kwanza halina kitu kingine. La pili lina sukari gramu 5. La tatu gramu 25. La nne halina sukari bali chumvi gramu 4. La tano lina sukari gramu 25 na hamira gramu 2 badala ya 1. Kimo huwekewa alama kila robo saa, kwa muda wa saa mbili. Glasi mbili za kwanza huenda pamoja, ya tatu hubaki nyuma, na ya tano hukaa kati. Glasi inayostahili kujadiliwa zaidi ni ya nne. Haina sukari hata kidogo, nayo pia huchelewa, na mwanafunzi aliyesema kwamba hamira ya glasi ya tatu imeshiba sana hulazimika kutafuta maelezo mengine.